Uzoefu wangu na Search Console: ripoti ya "Crawled - currently not indexed"

Natengeneza na kutunza tovuti za wafanyabiashara wadogo, na Google Search Console ndicho chombo ninachokifungua kuliko kingine chochote. Ni cha bure na kinatoka kwa Google wenyewe, na kwa kujua tovuti yako inaonekanaje machoni mwao sijaona kinachokishinda. Ila ripoti yake ya kurasa inawatia watu hofu bure, hasa wanapotumiana picha ya skrini badala ya kuifungua.

Mfano ni wa dada mmoja wa Mombasa anayeuza kanga na vitenge mtandaoni. Alinitumia picha kwenye WhatsApp: juu kabisa, kurasa 168 "Not indexed" na 37 "Indexed". Chini yake, mstari mrefu kuliko yote ulisema "Crawled - currently not indexed", kurasa 131. Akauliza, "Kaka, Google wamenifungia duka?" Tayari kulikuwa na mtu aliyemwahidi kuziingiza kurasa zote kwa malipo.

Hawakumfungia. Maneno hayo yanasema mambo mawili tu: roboti ya Google ilifika kwenye ukurasa ikausoma, na baada ya kuusoma Google hawakuuweka kwenye hazina yao ya kurasa za kutafutwa, angalau kwa sasa. Kwa hiyo seva ilijibu, na ukurasa haukuwa na zuio la `noindex`, yaani alama ya kuwaambia Google wasiuweke kwenye hazina hiyo, kwa sababu hayo yana mistari yake mingine kwenye ripoti hiyohiyo. Pia ni tofauti na "Discovered - currently not indexed", ambapo Google wanaijua anwani lakini hawajaenda kuisoma. Kwenye picha ya dada huyu safu ya chanzo iliandikwa "Google systems", yaani uamuzi ni wa Google, hakuna swichi iliyozimwa upande wake.

Picha haionyeshi ni kurasa zipi, na hapo ndipo penye jibu. Ukibofya mstari ule unapata orodha ya anwani, hadi 1,000, pamoja na tarehe ya mara ya mwisho kila moja iliposomwa. Nikamwomba anipe ruhusa ya kuingia kwenye akaunti, nikaipakua orodha na kuipanga kwa maumbo ya anwani. Anwani 74 zilikuwa na `?add-to-cart=`, yaani viungo vya kitufe cha kuweka bidhaa kikapuni, ambavyo roboti ilivifuata kana kwamba ni kurasa. Nyingine 33 ziliishia na `/feed/`, mafaili ambayo WordPress hujitengenezea yenyewe kwa ajili ya programu za kusomea habari. Hakuna mnunuzi anayetafuta vitu hivyo, na Google wamefanya sawasawa kuviacha nje. Zilizobaki ndizo kurasa za bidhaa: 24.

Mafaili ya `/feed/` tuliyaacha yalivyo. Viungo vya kikapu nilivizuia kwenye `robots.txt`, faili linaloiambia roboti isiingie wapi, ili isipoteze muda huko:

```
User-agent: *
Disallow: /*add-to-cart=
```

Baada ya hapo anwani hizo huhamia taratibu kwenye mstari wa "Blocked by robots.txt", na jumla ya "Not indexed" haipungui. Nilimweleza mapema asije akashtuka tena. Usijaribu kuweka `noindex` juu ya zuio hilo, kwa kuwa roboti iliyozuiwa kuingia haiwezi kuisoma hiyo `noindex`.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye zile 24. Kila anwani niliibandika kwenye kisanduku cha juu cha ukaguzi. Tatu zilijibu "URL is on Google", ingawa ripoti ilizihesabu kuwa nje. Ripoti huchelewa kwa siku kadhaa, na hapo jibu la ukaguzi ndilo ninaloliamini. Lakini katika kisanduku hichohicho kuna kitufe cha "Test live URL" kinachopotosha wengi. Kikijibu kwamba ukurasa unapatikana kwa Google, maana yake ni kwamba hakuna kinachozuia usiingizwe. Hakiahidi kwamba utaingizwa.

Zile 21 zilizobaki zote zilikuwa kanga. Nilizifungua mbilimbili kwenye simu, na bila picha usingeweza kuzitofautisha: "Kanga nzuri ya pamba, doti moja, rangi haichuji, tunatuma popote." Sentensi ileile kila mahali, kinachobadilika ni namba ya bidhaa tu. Ukaguzi ulionyesha jambo lingine pia. Mbele ya "Referring page" kuliandikwa "None detected", maana yake Google hawakupata ukurasa wowote unaoelekeza pale. Ni kweli, kwa sababu bidhaa hizo zilikuwepo kwenye ramani ya tovuti tu, lakini hazikuwa kwenye kundi lolote la menyu.

Search Console haikuniambia kwamba sababu ni hizo. Hilo ndilo pengo lake kubwa: inakupa uamuzi bila sababu, na wewe unabaki kupima mwenyewe kwa kuufungua ukurasa na kuulinganisha na wenzake. Kwa mwenye duka asiye na fundi, hapo ni pagumu kweli.

Tulichofanya hakikuhitaji ufundi mkubwa. Kanga za mchoro mmoja zilizotofautiana rangi tuliziunganisha ziwe ukurasa mmoja wenye chaguo la rangi, na anwani za zamani zikaelekezwa huko. Kwa zilizobaki, dada aliketi akaandika anachomwambia mteja dukani: jina la kanga, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake, rangi ya pindo na ya mji, vipimo, na kama inauzwa ikiwa imepindwa au la. Watu hutafuta kanga kwa msemo wake, na msemo huo ulikuwa kwenye picha tu, haujaandikwa popote. Kisha tukaziweka kwenye kundi la kanga linalofunguka kutoka ukurasa wa mwanzo.

Halafu nikabofya "Request indexing" mara moja kwa kila ukurasa uliobadilishwa. Kubofya tena na tena hakuharakishi chochote, Google wenyewe wanasema hivyo, na kwa siku kuna kikomo. Kuhusu yule aliyeahidi kuziingiza zote kwa malipo, nilimshauri dada asitoe hata shilingi. Njia ambayo wengi wa watu hao hutumia ni Indexing API, yaani mlango wa kuwatumia Google anwani kwa programu, na Google wameiweka kwa ajili ya kurasa za matangazo ya kazi na za matangazo ya video ya moja kwa moja. Kanga haimo.

Wiki zilizofuata kurasa nyingi za kanga ziliingia, na baadhi ya wateja wakaanza kufika kwa kutafuta msemo. Chache bado ziko nje, hasa zenye misemo ambayo maduka mengi makubwa wanaiuza pia, na kwa hizo sina dawa ya uhakika.

Kuna kitufe kimoja ninachowaambia wateja wakiache kwenye mstari huu: "Validate fix". Google huanza kukagua anwani zilizomo, na wakikuta hata moja bado iko katika hali ileile, ukaguzi husimama na matokeo huandikwa "Failed". Kwa tovuti ya WordPress yenye mafaili ya `/feed/` ambayo hayakusudiwi kuingia kamwe, jibu hilo jekundu litakuja tu, hata kama kila kanga yako imeshaingia.