TAHADHARI: Muuzaji wa asali anayekuuzia rangi, siyo asali

Hii ni kwa wote wanaonunua asali kandokando ya barabara kuu, stendi, sokoni au kwa kuagiza kwenye makundi ya simu. Kuna mtindo wa utapeli unaozunguka, na unafanya kazi kwa sababu wanunuzi wengi wanapima asali kwa macho.

Muuzaji anapanga chupa mbili. Moja ina asali ya rangi ya dhahabu inayong'aa, nyingine ni nyeusi inayokaribia rangi ya kahawa. Anainyanyua ile ya dhahabu kuelekea juani na kukuambia hiyo ndiyo safi, ya daraja la kwanza, na ile nyeusi imeungua au imetiwa sukari guru. Anawasha kijiti cha kiberiti kilichochovywa kwenye ile ya dhahabu, kinawaka, mteja anaridhika na kulipa bei ya juu. Mara nyingi ile ya dhahabu ni sharubati ya sukari iliyochanganywa na asali kidogo ili ipate harufu, na ile nyeusi inayodharauliwa ni asali halali ya Tabora au Sikonge.

Akikutana na mteja anayeamini kwamba asali ya porini lazima iwe nyeusi, anageuza maneno. Sharubati ileile inatiwa sukari iliyounguzwa kwenye sufuria mpaka ikawa kahawia, na sasa inaitwa asali ya msituni isiyoguswa. Kwa hiyo kujifunza kwamba nyeusi ni nzuri hakukuokoi. Rangi yoyote unayoitaka inaweza kutengenezwa jikoni.

Rangi halisi ya asali inaanzia kwenye mbochi, yaani maji matamu ya maua. Misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, yenye mitundu na jamii zake, hutoa asali ya kahawia nyekundu hadi kahawia iliyokolea. Kinachoikoleza ni madini na viambato vya mimea vilivyomo kwenye mbochi huo. Asali ya migunga au ya alizeti huwa nyepesi zaidi, ya manjano au dhahabu. Zote mbili zinaweza kuwa bora kabisa, na zote mbili zinaweza kuharibiwa. Mtu anayeuza asali ya miombo nyeusi hana la kuombea radhi.

Kuna weusi mwingine ambao ni kasoro kweli, na huo ndio wa kujifunza kuutenganisha. Wa kwanza ni wa moto. Wapo wanaochemsha masega kwenye sufuria ili asali itoke haraka. Asali inakolea, harufu ya maua inapotea, na inabaki ladha ya sukari iliyoungua yenye uchungu kidogo mwishoni. Wa pili ni wa masega mazee yaliyolelewa majana, yaani watoto wa nyuki, yakakamuliwa pamoja na asali. Hiyo inakuwa na ukungu, povu la uchafu linaelea juu, na haikai muda mrefu kabla ya kuchachuka. Wa tatu ni wa chombo: asali ina asidi, na ikikaa kwenye debe la bati lenye kutu inakula chuma, inageuka nyeusi na kupata ladha ya chuma. Pia asali yoyote hukolea polepole ikikaa muda mrefu, na kwa kasi zaidi ikianikwa juani kwenye meza ya muuzaji.

Kuzitofautisha, mimina kidogo kwenye glasi nyembamba uitazame dhidi ya mwanga. Asali nyeusi ya maua, ikichujwa vizuri, inapitisha mwanga na kuonekana nyekundu au kahawia safi. Ya majana inakuwa na ukungu. Kisha nusa kabla ya kuonja. Asali ya miombo ina harufu nzito ya maua inayopanda puani mara moja; iliyochemshwa inanuka moshi au peremende iliyoungua, na sharubati hainuki chochote mpaka uitafute harufu. Angalia pia unalinganisha nini na nini: asali ileile kwenye ndoo ya lita 20 inaonekana nyeusi tii, na kwenye chupa nyembamba inaonekana kahawia. Tena ikiganda inapauka, hata ile ya miombo. Usimtuhumu muuzaji kwa sababu hiyo.

Sasa yale maonyesho ya mezani. Kiberiti kuwaka, tone kuzama kwenye glasi ya maji bila kusambaa, karatasi kutolowa: yote matatu yanaonyesha kitu kimoja tu, kwamba kimiminika hicho ni kizito na kina maji machache. Sharubati iliyochemshwa vya kutosha inafaulu yote. Sisimizi, wanaosemekana kuikwepa asali halisi, nao si mahakimu. Muuzaji anayetegemea maonyesho haya ama hajui, ama anajua vizuri sana.

Kipimo cha nyumbani chenye maana zaidi ni uzito, na kinahitaji mizani ya jikoni tu. Asali iliyoiva ina maji yasiyozidi asilimia 20, ambacho ndicho kiwango cha kimataifa, na kwa kiasi hicho lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4. Maji ya lita moja ni kilo moja. Sharubati ya kawaida, kwa mfano kilo mbili za sukari kwenye lita moja ya maji, inakuwa karibu kilo 1.33 kwa lita. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mizani inaikamata ukifanya kwa utaratibu.

Chukua chupa tupu iliyokauka kabisa, ipime. Tuseme ni gramu 20. Weka alama shingoni kwa kalamu, jaza maji mpaka kwenye alama, pima tena. Ikisoma gramu 540, maji ni gramu 520, maana yake chupa hiyo mpaka alama ina mililita 520. Usiamini maandishi ya kwenye chupa, maana chupa ya nusu lita ikijazwa mpaka shingoni huzidi nusu lita. Mwaga maji, kausha vizuri, kisha jaza asali mpaka alama ileile na uiache itulie mpaka mapovu yapande, kwa sababu hewa iliyonaswa inadanganya mizani. Sasa pima. Ikisoma gramu 758, toa 20 za chupa, zinabaki 738. Gawanya kwa 520 unapata 1.42. Hiyo ni asali yenye maji machache. Ikisoma gramu 711, asali yenyewe ni gramu 691, na jibu ni 1.33. Hapo una sharubati, au asali iliyotiwa maji mengi kiasi kwamba itachachuka. Vyovyote vile usiilipe bei ya asali.

Majibu yaliyo kati ya 1.36 na 1.39 yanaonyesha maji yamezidi. Inaweza kuwa imechakachuliwa, na inaweza kuwa asali halali iliyovunwa kabla nyuki hawajaifunika kwa nta. Utaijua baada ya wiki kadhaa: povu, harufu ya pombe, na kifuniko kinachofyatuka. Kwenye joto mizani inaweza kushuka kidogo, lakini haiwezi kushuka kutoka 1.42 hadi 1.33 kwa sababu ya jua la mchana.

Kipimo hiki kina mipaka, na tunaisema wazi ili mtu asijiamini kupita kiasi. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ina maji mengi kwa asili yake, ni nyepesi na ina uchachu, kwa hiyo itashindwa kwenye mizani hata ikiwa halisi. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana sharubati nyepesi yenye limau inauzwa kwa jina la nyuki wadogo kwa bei ya juu kuliko asali ya kawaida. Hiyo nunua tu kwa mfugaji ambaye mizinga yake inajulikana ilipo.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi. Mtu akichemsha sharubati mpaka iwe nzito kama asali, itafaulu kwenye mizani. Ikiwa ni sukari na maji peke yake, haitadumu hivyo: sukari ya mezani haiwezi kubaki imeyeyuka kwa wingi huo, hivyo baada ya muda inarudi kuwa chembe ngumu chini ya chupa, zinazosagika kwenye jino kama mchanga. Lakini ikichemshwa pamoja na limau, asidi inaivunja sukari hiyo kuwa glukosi na fruktosi, zilezile zilizomo kwenye asali, na chembe hazitokei. Hapo jicho, ulimi na mizani vyote vinashindwa. Hata kuganda hakusaidii, maana asali halisi nayo huganda, kwa kawaida kwa chembe laini zinazoyeyuka ulimini. Ukitaka kuiyeyusha, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia, usiichemshe.

Maabara inao uwezo wa kuinasa. Miwa na mahindi hujenga sukari kwa njia tofauti na miti ya miombo na maua mengi, na alama ya tofauti hiyo inabaki kwenye kaboni ya sukari hata ikibadilishwa rangi au kuvunjwa kwa limau. Chini ya hadubini huonekana pia chavua, inayosema nyuki walitembelea maua gani. Kwa anayenunua madumu kwa ajili ya kuuza tena, gharama ya vipimo ni ndogo kuliko kuharibu jina lake.

Kwa mnunuzi wa chupa moja, fuata mkondo wa asali yenyewe. Muulize muuzaji asali imetoka wilaya gani, imevunwa lini, imekamuliwa kwa mashine, kwa mkono au kwa kuchemsha. Muuzaji wa kweli wa asali ya Tabora atakwambia bila kuhema kwa nini ni nyeusi. Anayejibu kwa kuwasha kiberiti, mwache. Kwenye chupa tafuta jina la mfungashaji, namba ya toleo, tarehe na alama ya ubora ya TBS. Na bei ikitajwa kwa kilo, hakikisha inapimwa kwa mizani: kilo moja ya asali haijazi chupa ya lita moja, inafika kama mililita 700 tu.

Ukishauziwa feki, usiimwage wala kuirudisha yote kwa aliyekuuzia. Bakiza chupa ambayo haijafunguliwa kama ipo, piga picha ya lebo na namba ya toleo, tunza risiti au ujumbe wa malipo ya simu, kisha peleka kwa TBS au kwa afisa nyuki wa wilaya. Bila sampuli hakuna cha kupima.