Maswali ya kuchagua yasiyo na cha kuchagua: nimelipia wiki sita, nimeambulia hasira

Nitoe nyota moja. Ningeweza kutoa nusu ningetoa, ila subirini kwanza, maana kuna mahali nitajipinga mwenyewe.

Binti yangu yuko darasa la saba. Mwanzoni mwa mvua, mama mmoja kwenye kikao cha wazazi alitusifia huduma ya kutumiwa maswali kwa SMS: unajiunga, unakatwa shilingi elfu moja kwa wiki, na kila jioni mtoto anapata maswali matano ya kuchagua, machaguo A mpaka E kama yale atakayokutana nayo kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtoto anajibu kwa kutuma herufi moja, anarudishiwa matokeo papo hapo. Mimi natumia kitochi, sina simu ya kupangusa, kwa hiyo niliona hii ndiyo yetu. Sitaitaja jina. Waliojiunga wataijua kwa machungu.

Siku mbili za mwanzo, mambo safi. Ya tatu ukaingia ujumbe huu, naunakili kama ulivyo:

"Mfugaji ana ng’ombe 48. Akiuza robo yao, atabakiwa na ng’ombe wangapi?"

Basi. Hakuna A, hakuna B. Tukashusha chini, tukapandisha juu, tukazima simu na kuiwasha. Tukadhani sehemu ya pili iko njiani, tukala, tukaosha vyombo, hakuna kilichokuja. Binti akatuma "B" kwa kubahatisha. Jibu likarudi haraka kuliko salio linavyoisha: "Si sahihi. Jibu sahihi ni C." Akaniangalia: "Mama, C ni ngapi?"

Kesho yake ikawa sayansi: "Ng’ombe, mbuzi na kondoo hucheua. Yupi kati ya wafuatao naye hucheua?" Wafuatao wepi? Hakuna aliyefuata. Mtoto akasema twiga, na twiga anacheua kweli. Nikamwambia hata swala anacheua, hata nyati. Majibu sahihi tunayo tele, herufi ndiyo hatuna. Tukatuma "A", tukaambiwa ni D. Mpaka leo sijui D alikuwa mnyama gani, na siku nyingine nikiwa nakatakata mchicha bado namuwaza.

Sasa njooni kwenye kilichoniudhi hasa. Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, muziki, halafu dada mmoja akapokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Nikamweleza taratibu kwamba swali linakuja bila machaguo. Akaniuliza: "Kwani mama hujui kuchagua? Unajibu A, B, C, D au E." Nikamwambia najua, ila sioni A ni nini. Akasema, "Hiyo itakuwa simu yako ya zamani." Nikamuuliza, mbona maswali mengine kwenye simu hii hii yanakuja kamili na machaguo yake yote? Akanyamaza kidogo, kisha: "Mama yangu, wateja wengine hawajalalamika." Akakata. Wiki ile kila nilichopika kiliungua.

Jumamosi nikaenda kwa kijana wa steshenari anayechapa mitihani ya shule zetu. Yeye pia ndiye anayetutumia SMS za kikundi cha kuweka na kukopa, matangazo ya vikao na marejesho. Nilienda kulalamika tu, kusema kweli. Akasoma jumbe zangu kwenye kitochi, akacheka, akasema, "Mama Neema, kuna kitu nataka uhesabu." Akanipa daftari la miraba na kalamu. Kila herufi mraba wake, kila nafasi mraba wake, nukta na mkato vilevile. Nikaandika swali la mfugaji lote mpaka alama ya kuuliza. Mraba wa mwisho ulikuwa wa 70. Nikaandika la wanaocheua: 69, na nafasi moja iliyobaki ikining'inia, 70. Nikatoa la tatu, lililokatikia katikati ya neno. Sabini.

Halafu akaniambia nimtafutie yale yaliyokuja kamili. Moja lilikuwa na herufi mia na ushee, la Hisabati, juu ya maembe kwenye tenga, na machaguo yake matano yote yamo. Akaniuliza tofauti ni nini kati ya maembe na ng'ombe. Nikaona ananichezea. Akaweka kidole kwenye ule mkia mdogo, ule uliopo kati ya "ng" na "ombe".

Alivyonieleza ni hivi. SMS moja ni kama gunia lenye ujazo usiobadilika. Ukiandika kwa herufi za kawaida zilizo kwenye orodha ya zamani ya SMS, zinaingia 160. Lakini ikiingia hata herufi moja ambayo haimo kwenye orodha hiyo, ujumbe wote unahesabiwa kwa kipimo cha herufi nzito, na gunia lile lile linabeba 70 tu. Mkia ulionyooka, huu ', umo kwenye orodha. Mkia uliopinda, huu ’, haumo. Na programu ya kuchapia kwenye kompyuta, ukiandika ng'ombe, inaupinda yenyewe bila kukuuliza ili upendeze. Mwalimu anatunga maswali kwenye kompyuta, mtu ananakili na kubandika kwenye mtambo wa kutuma, na mkia uliopinda unapanda basi pamoja na ng'ombe.

Akanifungulia mtambo wake nione. Akaandika swali la mfugaji na machaguo niliyombunia, A. 12 B. 24 C. 36 D. 44 E. 60. Jumla herufi 100. Kwa mkia ulionyooka, pembeni panasomeka ujumbe mmoja, na nafasi zinabaki. Akafuta mikia, akabandika iliyopinda: papo hapo ukawa ujumbe wa vipande viwili. Aliwahi kuunguza salio la kikundi hivyo hivyo, tangazo moja likatozwa mara mbili kwa watu wote, sababu ilikuwa neno "ng'ambo".

Nikamuuliza, kama ni vipande viwili, kwa nini mimi napata kimoja? Hapo, alisema, hana uhakika maana haoni mtambo wao, lakini anadhani wameuwekea kikomo cha kipande kimoja kwa kila swali, wasilipie cha pili. Kinachozidi kinakatwa. Na kwa kuwa machaguo ndiyo hukaa mwishoni, ndiyo yanayokatwa. Kila alichokisema kinaendana na sabini zangu.

Kwa hiyo si simu yangu, dada. Ni ng'ombe.

Hapa ndipo najipinga. Niliporudi nyumbani nikamwambia binti alifanye lile la mfugaji kwenye karatasi, bila herufi yoyote. Akagawanya 48 kwa 4, akapata 12, akaweka kalamu chini. "Tayari mama." Nikamuuliza, hao 12 ni waliouzwa au waliobaki? Akashika kichwa. Machaguo yangekuwepo, angeiona 12 pale kwenye A, angetuma A huku anafurahi, na mimi nisingejua kama amekosea kusoma swali au amebahatisha. Mwalimu wake nilipomsimulia alisema ndiyo kazi ya vipotoshi: 12 ipo kumnasa anayesahau kutoa, 44 kumnasa anayeona "robo" akatoa nne, 60 anayejumlisha badala ya kutoa. Akasema pia swali zuri ni lile ambalo mtoto anaweza kulijibu ukiwa umeyafunika machaguo kwa kiganja, ndipo ayatazame kulitafuta jibu lake.

Tangu hapo nafanya hivyo. Yakija maswali kamili, nayafunika kwanza kwa kidole gumba. Na nikiri, mtoto amebadilika kwenye Hisabati. Zamani alikuwa anaangalia herufi kama anayechagua nguo mtumbani. Sasa anafanya hesabu kwanza. Kwa hiyo kuna wiki mbili hivi hii huduma mbovu ilinisaidia kwa ubovu wake, na nilikuwa nimeamua kuwapa nyota tatu.

Lakini hapana. Haisaidii kwa yale ya "yupi kati ya wafuatao" na "yote haya ni kweli isipokuwa". Hayo bila machaguo si maswali kabisa, ni nusu ya sentensi. Tena mtambo wao haujali. Unakata machaguo, kisha unakuhukumu kwa herufi, kisha unamwekea mtoto alama. Mwisho wa wiki alitumiwa "Umepata 11 kati ya 25. Ongeza bidii." Nilihesabu, tisa kati ya hayo hayakuwa na machaguo. Aongeze bidii ya nini, ya ramli?

Nikawapigia tena. Nilipata kaka safari hii, mpole, namsifu. Nikamsomea miraba yangu yote, nikamweleza mkia ulionyooka na uliopinda. Aliandika, nilisikia anaandika. Akasema, "Asante mama, nitawafikishia wataalamu." Nikajua nimeagwa.

Kumbe alifikisha. Wiki iliyofuata maswali yakaanza kuja kamili, jioni baada ya jioni, tano kwa tano. Nikataka kuja hapa kuwasifu. Binti ndiye aliyeona kwanza: "Mama, siku hizi wafugaji wote wana mbuzi." Tukapekua. Mbuzi 48, mbuzi 60, maziwa ya mbuzi lita 15. Aliyevuka ng'ambo ya mto sasa amevuka "upande wa pili". Hawakunyoosha mikia, wameondoa ng'ombe nchi nzima.

Nilicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Sawa, nyota mbili na nusu, kwa ubunifu. Nikalipia wiki nyingine.

Jana jioni, Sayansi: "Kati ya magimba yafuatayo ya angani, lipi lina mwanga wake na hung’aa". Likaishia hapo. Sikuhesabu, nilishaona mkia. Binti hakuhangaika, alisema "jua" kabla sijamaliza kusoma, nikamwambia leo hatubahatishi, andika hilo hilo. Akatuma JUA. Jibu likarudi:

"Samahani, jibu lako halikueleweka. Tafadhali chagua herufi moja kati ya machaguo uliyopewa."