WordPress au Hugo kwa websaiti ya shirika dogo? Hii ndo orodha yangu, namba moja mpaka nne

Naongelea shirika dogo kweli, lile la watu wanaochangishana wenyewe, sio lenye mfadhili na ofisi ya ghorofa. Tuchukue moja la mfano tutembee nalo mpaka mwisho: lipo Tanga, linalipia watoto sare na madaftari, halina mfanyakazi hata mmoja wa mshahara. Wanaojitolea ni sita, watano wana simu tu na mmoja ana laptopu, na huyo ndo anaitwa kila printa ikigoma hata kama hajawahi kusomea. Wanapandisha habari mbili tatu kwa mwezi, picha za ugawaji, ripoti ya mapato na matumizi mara moja kwa mwaka, na kuna namba ya kuchangia. Basi, hakuna duka wala nini.

Sasa hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni CMS, yaani mfumo wa kuandikia na kupangia habari za websaiti, na kwa watu wengi CMS ni WordPress tu, maandishi yanakaa kwenye databesi na seva inatengeneza ukurasa pale mtu anapoufungua. Ya pili ni jenereta ya tovuti tuli, kina Hugo, Jekyll na Eleventy, ambapo habari ni mafaili ya maandishi, jenereta inayageuza yote kuwa kurasa zilizokamilika halafu hizo kurasa ndo zinapelekwa kwenye seva. Chipsi za kukaangwa ukiagiza dhidi ya maandazi yaliyoshaiva kabatini, tofauti ni hiyo.

Watu wakibishana hapa wanabishania spidi na usalama, na kweli tovuti tuli inashinda vyote viwili bila jasho. Ila kwa shirika la hivi mi naangalia kitu kingine kabisa, naangalia itakufaje. Maana yule wa laptopu ataondoka tu, atapata kazi Dodoma au ataoa, na siku akiondoka hizi mbili zinakufa tofauti. WordPress isiyoangaliwa inaoza, plagini zinapitwa na wakati, anaingia mtu asiyejulikana na websaiti inaanza kuuza viatu. Hugo isiyoangaliwa haiozi, inabaki palepale miaka, ila inanyamaza, habari ya mwisho ni ya mwaka juzi kwa sababu hakuna anayekumbuka inapandishwaje. Kwa hiyo unachonunua ni aina ya kufa unayoweza kuihimili, na orodha yangu inatoka hapo.

Namba moja: WordPress kwenye hosti inayokufanyia apdeti

Sio WordPress yoyote, ni ile ambayo unalipa na apdeti pamoja na bakapu ni kazi ya hosti. Inaweza kuwa WordPress.com ya kulipia (ile ya bure inakupa anwani yenye jina lao na inaweka matangazo, shirika linaloomba michango halipendezi hivyo), au kampuni ya hosti inayouza huduma ya kuiangalia WordPress. Swali la kuwauliza kabla ya kulipa: plagini mnaapdeti nyinyi au mimi? Wengi wanaapdeti WordPress yenyewe halafu plagini wanakuachia, na mashimo mengi yanapatikana kwenye plagini. Na uliza bei ya kurinyu mwaka wa pili, hiyo ya mwaka wa kwanza ni chambo.

Inaongoza kwa sababu ya wale watano wa simu. Mtu amemaliza kugawa sare shuleni, ana picha nane, anafungua brauza au app, anaandika, anaweka picha, anabonyeza Publish, imeisha. Na hizi picha ndo kitu watu hawakifikirii, simu za siku hizi zinatoa picha ya MB 4, 5, na kuanzia toleo la 5.3 WordPress inaipunguza yenyewe picha kubwa iwe na pikseli 2560 upande mrefu, inatengeneza na saizi ndogo ndogo, msomaji wa simu anapelekewa ndogo. Huyo anayepandisha hajui hata kama kuna kitu kimefanyika, na ndivyo inavyotakiwa.

Ruhusa zipange hivi. Usimpe kila mtu Administrator hata kama ni mwenyekiti, Administrator wawe wawili tu na mmoja wao asiwe yule wa laptopu. Mtu mmoja mwenye jicho la kusahihisha awe Editor. Waliobaki wape Author, wataandika na kupandisha vya kwao bila kugusa vya wenzao. Kuna ngazi ya Contributor ambayo inaonekana nzuri kwa mgeni kwa sababu hawezi kupablishi bila kukaguliwa, ila kwa kawaida Contributor hawezi kuapload picha, na habari ya ugawaji bila picha ni nini sasa. Utaona anatuma picha WhatsApp na mwingine anaweka, mnarudi kulekule.

Plagini ziwe chache, fomu ya mawasiliano, bakapu, labda ya SEO, ukifika kumi jiulize.

Namba mbili: Hugo pamoja na ukurasa wa kuhariri kwenye brauza

Hii naipenda zaidi mimi binafsi, lakini sio mimi nitakayekuwa napandisha habari za Tanga. Mafaili yanakaa GitHub, ghala la mafaili la mtandaoni, halafu Cloudflare Pages au Netlify inajenga websaiti kila kitu kikibadilika, na juu yake unaweka Decap CMS au Pages CMS ili mtu ajaze fomu ya kichwa, tarehe, picha na maandishi bila kuiona Git, mfumo unaotunza kila badiliko la mafaili hayo. Gharama kwa saiti ndogo hivi inabaki domeini tu, viwango vya bure vinatosha na kubaki.

Usiiweke bila huo ukurasa wa kuhariri. Mtu akiandika faili kwa mkono ataandika hivi:

```
title: Taarifa: mkutano mkuu Jumamosi
```

Ile nukta pacha ya pili inavunja YAML, mtindo unaotumika kuandika hivyo vichwa vya faili, ujenzi unakataa. Ilitakiwa alama za kunukuu:

```
title: "Taarifa: mkutano mkuu Jumamosi"
```

Na ujenzi ukikataa hakuna kinachoonekana, websaiti ya zamani inaendelea kuwepo kama kawaida, aliyeandika anadhani intaneti yake mbovu, anarudia. Fomu inaweka hizo alama yenyewe. Hata hivyo washa taarifa za imeili za ujenzi ulioshindwa, ziende kwa watu wawili.

Jingine linalosumbua watu wa huku kwetu ni saa. Hugo haipandishi habari yenye tarehe ya mbele, na saa isiyotajwa ukanda inaihesabu kama UTC. Umeandika saa 2 asubuhi, yaani 08:00, Hugo inasoma 08:00 ya UTC ambayo kwetu ni 11:00, ukijenga kabla ya hapo habari haipo na wala haijalalamika. Na isifikiriwe itajitokeza yenyewe ikifika saa hiyo, mpaka kitu kijengwe tena. Dawa ni mstari mmoja juu kabisa kwenye `hugo.toml`:

```
timeZone = "Africa/Dar_es_Salaam"
```

Picha huku hakuna wa kukupunguzia bure bure. Hugo inaweza, na vizuri tu, ila lazima aliyetengeneza themu awe ameandika hivyo, vinginevyo ile MB 5 inamfikia msomaji mwenye bando la siku kama ilivyo. Na hata ukiifuta, kwenye historia ya Git imebaki, baada ya miaka miwili ghala lenu la GitHub limenenepa na hujui kwa nini. Jaribu mapema: pandisha picha moja ya simu, fungua ukurasa, ipakue picha hiyo uone ina uzito gani.

Halafu kuingia. Decap ikitumia GitHub moja kwa moja inataka kila mhariri awe na akaunti ya GitHub, mwambie mama wa miaka 58 afungue akaunti ya GitHub uone. Pages CMS inaruhusu kualika mtu kwa imeili yake tu, ndo maana kwa kundi la hivi ningeanzia hapo. Na waambie wote mapema kwamba ukisevu unasubiri dakika moja mbili ndo ionekane, la sivyo utakuta habari moja imeseviwa mara nne.

Lini hii inapanda namba moja? Kama habari hazifiki hata moja kwa mwezi na mna watu wawili, sio mmoja, wanaoelewa Git. Au kama namba ya kuchangia ndo roho ya websaiti, maana mtu akiingia WordPress yenu anaweza kubadilisha ile Lipa Namba kimyakimya na michango ikaenda kwake, wakati kwenye tovuti tuli hakuna akaunti zinazokaa kwenye saiti yenyewe, inabidi aibe akaunti ya GitHub, ambayo inaweza kulindwa na uthibitisho wa hatua mbili, au imeili ya mhariri mliyemwalika Pages CMS, na hata hivyo badiliko linabaki limeandikwa kwenye historia ya Git.

Namba tatu: WordPress ya kujiwekea kwenye cPanel ya bei chee

Hii ndo wengi wanayo, unaingia cPanel, ukurasa wa kuendeshea hosti, unabonyeza Softaculous inayokuwekea WordPress, dakika tano tayari. Nimeiweka ya tatu kwa sababu kazi ya apdeti inabaki kwa yule yule wa laptopu. Kama bajeti ndo hii basi washa apdeti za otomatiki za plagini (zipo ndani ya WordPress yenyewe tangu 5.5), futa plagini na themu msizotumia, kuzizima tu haitoshi kwa sababu mafaili yake bado yapo kwenye seva, na bakapu ikae nje ya hosti hiyo.

Kujua kama mmeshaingiliwa, usiangalie ukurasa wa mbele, huo mara nyingi unaachwa mzuri makusudi. Tafuta Google hivi:

```
site:jina-lenu.or.tz
```

Ukiona kurasa za Kijapani au dawa za nguvu ambazo hamjaandika, mmeingiliwa. Angalia pia orodha ya Users kama kuna Administrator msiyemjua, na fungua websaiti kwa simu ukitokea kwenye matokeo ya Google, kuna virusi vinampeleka mgeni kwingine akitokea huko tu, ukiandika anwani mwenyewe unaona kila kitu shwari.

Namba nne: Hugo, Jekyll au Eleventy tupu

Mafaili na terminali, hakuna fomu. Kwa mtu mmoja anayejua ni raha. Kwa sita wa Tanga ni mtu mmoja anayetumiwa maandishi WhatsApp na wenzake watano mpaka achoke.

Drupal na Joomla sijaziweka, sio mbaya ila kwa ukubwa huu ni mzigo. Kuna pia ujanja wa kuandika kwenye WordPress iliyofichwa halafu plagini ya Simply Static inatoa kurasa tuli, inafanya kazi, lakini sasa una mifumo miwili ya kuangalia na fomu za kawaida za WordPress hazitumi kwenye kurasa zilizotolewa hivyo.

Kabla ya kulipa chochote fungua ya majaribio kwa namba moja na namba mbili, mpe simu yule asiyependa kompyuta kuliko wote, na picha mbili na aya tatu, kaa pembeni usiseme kitu. Akikwama kwenye moja na nyingine akapita, ununuzi umeshaamuliwa. Domeini iwe kwa jina la shirika na imeili ya shirika, vyovyote mtakavyochagua.