TAHADHARI ARUSHA NA MOSHI: Diski ikisoma "SATAFIRM S11", usimpe fundi wa "kufufua"

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, hasa mnaopiga picha, mnaotunza hesabu za maduka na mnaoandika tasnifu, naomba mnisome mpaka mwisho. Kuna fundi anazunguka kati ya miji hii miwili anapokea SSD zilizokufa, yaani zile diski za chipu zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Anasema anarudisha data, anachukua pesa ya utangulizi, kisha anafanya kitu kinachofuta data hiyo moja kwa moja. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Arusha, na kazi zilizoharibika mkononi mwake zimeshaanza kufika mezani kwangu.

Nieleze ya dada mmoja mpiga picha za harusi wa Moshi, ambaye ameniruhusu niisimulie. Laptopu yake ilizimika umeme ulipokatika, kwa sababu betri ilikuwa haishiki chaji tena. Alipowasha, mashine iliganda kwenye nembo kwa muda mrefu, kisha ikasema hakuna diski ya kuwashia. Akaingia kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Badala ya jina la diski yake ya GB 240 akakuta maandishi haya: SATAFIRM S11. Kwa bahati nzuri alipiga picha ile skrini kwa simu. Akaulizia mafundi, akaelekezwa kwa huyu bwana, wakakubaliana shilingi 180,000, nusu akailipa palepale. Baadaye akapigiwa simu: "Dada, diski nimeifufua, inafanya kazi vizuri kabisa. Ila mafaili yalishakufa tangu mwanzo." Akadaiwa na nusu iliyobaki. Akalipa.

Hayakuwa yameshakufa, au tuseme kwa haki: hakuna aliyejua kama yamekufa, kwa sababu hakuna aliyeyatafuta.

SATAFIRM S11 si jina la kampuni wala si kirusi. Ndani ya SSD nyingi za bei nafuu kuna chipu inayoendesha kila kitu, kontrola ya Phison PS3111-S11. Programu inayoiongoza, yaani fimwea, sehemu yake kubwa imehifadhiwa kwenye chipu zilezile za kumbukumbu zinazobeba mafaili yako. Ndani ya kontrola yenyewe kuna kipande kidogo tu cha kuamshia. Umeme ukikatika wakati inaandika, au chipu za kumbukumbu zikichoka, kontrola inashindwa kuisoma fimwea yake. Hapo inaamka nusu, haijui tena ni diski ya chapa gani, na inajitambulisha kwa lile jina la kiwandani. Nyingine hazifiki hata hapo: zinabaki zikiiambia mashine "subiri, nina kazi", BIOS inasubiri, inachoka, inaendelea bila diski. Ndiyo ile kuganda kwenye nembo.

Mafaili hapo yanaweza kuwa bado yapo kwenye chipu. Kilichopotea ni njia ya kuyafikia. SSD haiandiki faili mahali pamoja. Inalitawanya vipande vipande na kuweka daftari la kuonyesha kila kipande kiko wapi. Daftari hilo likikosa kusomeka, picha za harusi zinabaki rundo lisilo na mpangilio, tena limechanganywa kwa hesabu za kontrola yenyewe. Kwa hiyo hata mtu akizing'oa chipu na kuzisoma moja moja, kwa kawaida hapati kitu cha maana.

Sasa huyu bwana anafanya nini? Anaiflashi, kama watu wanavyoflashi simu. Programu za kuflashi kontrola hii zinapatikana mtandaoni bure. Zinaandika fimwea upya, zinakagua chipu, kisha zinaanzisha daftari jipya, tupu. Diski inarudi na ukubwa wake, inapokea Windows, inaonekana nzima. Daftari la zamani ndilo limeondoka, na baada ya hapo sijaona njia ya kulirudisha.

Niliitambua kazi yake kwa amri moja tu, diski ya dada ikiwa imechomekwa kwenye Linux:

```
sudo smartctl -a /dev/sdb
```

Kwenye mstari wa `Power_On_Hours`, yaani jumla ya saa ambazo diski imewahi kuwashwa, ilisoma saa 4 tu. Diski hiyo dada aliinunua 2022 na kuifanyia kazi karibu kila siku. Saa hazirudi nyuma zenyewe. Kuflashi ndiko kulikozifuta. Kama diski yako imerudi kutoka kwa fundi ikiwa tupu, angalia mstari huo kabla hujalipa. Na kama unauziwa SSD "mpya kabisa" yenye lebo iliyokwaruzika na saa mbili tatu, jiulize imetoka wapi, maana nimeambiwa na wateja kwamba huyu bwana huuza pia. Diski ya namna hiyo chipu zake ni zilezile zilizochoka. Usiweke humo kitu unachokipenda.

Anawashawishi watu kwa kuwasimulia diski za zamani za Seagate Barracuda 7200.11. Hiyo ni habari ya kweli. Mwanzoni mwa 2009 ilijulikana kwamba baadhi yake zilikuwa na kosa la fimwea lililozifanya zikwame hivyohivyo, zisionekane kwenye BIOS, na mafundi walizifungua kwa nyaya chache na amri za kuandika, data ikarudi yote. Lakini zile ni diski za sahani zinazozunguka, na kosa lilikuwa moja linalojulikana. Data kwenye sahani haikuguswa. Dawa ile haihamishiki kwenye SSD, na hata kwenye diski nyingine za sahani inaweza kuua.

Kinachowezekana kwa SATAFIRM S11 ni hiki. Mtaalamu wa kurudisha data anayetumia kifaa kama PC-3000 SSD anagusanisha pini mbili kwenye bodi ili kontrola iamke bila kugusa fimwea mbovu. Kisha anaipakia programu ya muda kwenye kumbukumbu ya kontrola, si kwenye chipu za data, anajenga daftari la kukisia kutokana na mabaki, na anayanakili mafaili kwenda diski nyingine. Diski yako haiandikwi hata kidogo. Mara nyingine yanatoka karibu yote, mara nyingine nusu, na chipu zikiwa zimeoza hayatoki. Ni kazi ya gharama, na si kila mji una mtu wa kuifanya.

Wewe nyumbani jaribu waya mwingine na tundu jingine, basi. Windows ikikuuliza kama ianzishe diski, kataa. Programu za kutafuta mafaili yaliyofutwa hazisaidii hapa, kwa sababu diski haizipi chochote cha kusoma. Piga picha ya skrini ya BIOS na ya lebo yenye namba ya diski, halafu ichomoe.

Ukimpelekea fundi, muulize kabla hujamwachia: "Utaandika chochote kwenye diski yangu?" Akisema ataiflashi kwanza ndipo atafute mafaili, ichukue uondoke. Anayeijua kazi atakuonyesha orodha ya mafaili yako ndipo umalizie malipo, na atakuandikia risiti yenye namba ya diski.

Jina la huyu bwana siliweki hapa. Hana bango, hana risiti, anapokea diski stendi na kubadilisha namba ya simu mara kwa mara. Kama umemwachia diski na hajaigusa bado, nenda ukaichukue leo.