Kimashine 7.2, maabara 6.0: uzoefu wangu na kipimo cha sukari cha nyumbani

Nina kimashine cha sukari mwaka wa pili sasa. Nilikaribia kukitupa siku kilipotofautiana na maabara. Asubuhi, kabla ya chai, kilionyesha 7.2. Nikaenda maabara bila kula, nikatolewa damu saa mbili, na mchana jibu likaja 6.0. Mpokezi akacheka: "Hivyo vya nyumbani ni vya kubahatisha, mama."

Nilirudi kuuliza. Mtaalamu wa maabara, kijana mpole, aliniambia damu yangu iliingia kwenye tyubu ya kifuniko chekundu, isiyo na dawa ya kuzuia sukari isiliwe, ikakaa mezani hadi saa tano ndipo ikazungushwa kwenye mashine ya kutenga chembe na majimaji ya damu. Chembe za damu huendelea kula sukari hata zikiwa ndani ya tyubu, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la kawaida. Piga hesabu: 7.2 ikipungua hivyo kwa saa tatu inafika karibu na 6.0. Kumbe kilichopotea kilipotelea mezani!

Tulirudia wiki iliyofuata. Nikajitoboa kidole palepale alipokuwa akinichoma mkono, na safari hii alitumia tyubu ya kijivu yenye floridi na kuizungusha mara moja, kwani floridi nayo huchukua saa moja au mbili kabla ya kufanya kazi sawasawa. Kimashine 7.0, maabara 6.7. Tofauti hiyo inakubalika: kiwango cha kimataifa, ISO 15197 cha 2013, kinaruhusu asilimia 15 juu au chini sukari ikiwa 5.55 au zaidi. Kwa 6.7, kimashine kingeweza kusema chochote kati ya 5.7 na 7.7 na bado kikahesabiwa kizuri. Ndiyo maana hakifai kumtangaza mtu ana kisukari, hasa anayeelea karibu na mpaka wa 7.0 kama mimi. Kazi hiyo ni ya maabara, mradi damu isilazwe mezani.

Ila kuna siku kosa lilikuwa langu. Nilimenya embe, nikafuta kidole kwa pamba ya spiriti, nikapima: 11.3. Nikaingiwa na hofu. Nikanawa kwa sabuni, nikajikausha vizuri, nikapima tena: 6.9. Spiriti haikuiondoa sukari ya embe yote, na tone la damu ni dogo mno kiasi kwamba utamu kidogo tu wa ngozi unalibadilisha.

Sikilinganishi tena na maabara baada ya kula, kwa sababu wakati huo damu ya kidole huwa na sukari nyingi kuliko ya mshipani, ambayo mwili umeshaichota sehemu yake. Nalinganisha nikiwa sijala tu.

Malalamiko yangu yamebaki kwenye stripu za kupimia. Kikopo kikifunguliwa zina muda wake, na unyevu wa huku pwani hauzihurumii. Kifuniko nakifunga kabla hata sijajitoboa.