Uzoefu wangu: kupangiwa menyu ya vinywaji visivyo na kileo kwa ajili ya walima

Kwa walima wa binti yetu hapa Dar es Salaam nilimlipa mtaalamu wa vinywaji atupangie menyu, kwa sababu nimechoka kuona wageni wasiotumia kileo wakiwekewa soda na juisi ya boksi tu. Sharti langu lilikuwa kwamba kila kinywaji kiwe na ladha ya kumfanya mtu anywe polepole.

Sharti hilo alilitimiza vizuri sana. Alinieleza kwamba kileo huleta ukali kooni, na kikiondolewa bila kupata mbadala, kinachobaki ni utamu mtupu. Kwa hiyo ukali akautafuta kwenye tangawizi, uchachu kwenye ukwaju, na ukakasi kwenye chai ya rangi iliyokolea. Kinywaji chake kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha ukwaju. Gramu 200 za ukwaju huloweshwa katika lita 1 ya maji ya moto, hupondwa na kuchujwa. Kisha katika bilauri yenye barafu hutiwa mililita 60 za maji hayo, 20 za shira ya sukari na maji kwa vipimo sawa, na 10 za maji ya tangawizi mbichi, halafu hujaziwa maji ya soda na jani la nanaa. Wazee wetu, ambao kwa kawaida huomba chai, waliomba bilauri ya pili.

Kasoro kubwa niliiona kwenye rasimu ya menyu. Moja ya mokteli ilihitaji matone machache ya Angostura, kimiminika kichungu cha kukolezea ladha, naye aliyahesabu kuwa kiungo tu, ilhali chupa hiyo ina kileo cha takriban asilimia 44.7. Kwa mgeni Mwislamu, uchache wa matone si hoja. Niliomba kuona lebo za chupa zote, pamoja na vanila ya maji, maana iliyo halisi kwa kawaida hutengenezwa kwa kileo. Akayaondoa yote mawili bila ubishi, na uchungu akaupata kwenye maganda ya balungi.

Katika kuonja, kinywaji cha nanasi na maziwa kilikuwa kitamu kilipotoka kwenye blenda, lakini baada ya kukaa kidogo kikawa kichungu na kuanza kuganda, kwa kuwa nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa. Mtu anaweza kulichemsha nanasi kwanza, ingawa harufu yake mbichi hupotea. Tulichagua tui la nazi, lenye protini chache, na nadhani lilipendeza zaidi.

Juisi ya miwa ilikamuliwa papo hapo ukumbini kwa ndimu, kwa kuwa ikikaa hubadilika rangi haraka, na kwenye joto letu huanza kuchachuka. Ningemwajiri tena mtaalamu huyu, ila orodha ya chupa ningeiomba kabla ya kulipa malipo ya awali.