Bwawa la Mmoja na Bwawa la Wote: Naili ya Buluu na Mto Senegali

Ethiopia ilianza kujenga bwawa lake kuu kwenye Naili ya Buluu mwaka 2011, kwa fedha zake na kwa uamuzi wake. Bwawa hilo hubeba mita za ujazo bilioni 74, zaidi ya maji yote yanayopita hapo kwa mwaka mzima wa kawaida. Misri na Sudan zilitia saini nayo kanuni za pamoja mwaka 2015, lakini swali gumu likabaki: ukame ukidumu miaka kadhaa, maji kiasi gani lazima yaachiliwe? Ujazaji ulianza 2020 bila jibu.

Katika bonde la mto Senegali, bwawa la Manantali liko ndani ya Mali, ila mwenyewe si Mali peke yake. Mkataba wa 1978 uliifanya miundombinu hiyo mali ya Mali, Mauritania na Senegali kwa pamoja, na umeme hugawanywa: asilimia 52, 15 na 33. Mauritania na Senegali zilipogombana vikali 1989, ushirika haukuvunjika.

Binafsi naupendelea mfano wa pili, ingawa Guinea, chanzo cha mto, iliingia 2006 tu.